Ghala Lako Litabeba Marobota Mangapi ya Hei? Hesabu ya Kipimo cha Robota, Mpangilio na Nafasi ya Juu

Mtu akiwa na ghala lenye urefu wa mita 9, upana wa mita 6 na urefu wa mita 4 kwenda juu, hesabu inayomjia haraka ni ya kuzidisha na kugawanya. Ghala lina mita za ujazo 216. Robota moja dogo la hei lina ujazo wa karibu mita 0.16. Akigawanya, anapata marobota zaidi ya 1,300, anaagiza malori kwa hesabu hiyo, na siku ya kupanga nusu ya mzigo inabaki uani wakati mawingu yanakusanyika.

Ghala hilohilo, likipangwa vizuri na kwa usalama, linabeba marobota 620 hivi. Tofauti hiyo haitokani na uzembe wa wapangaji. Inatokana na mambo matatu ambayo hesabu ya ujazo haiyaoni: robota haligawanyiki, kila tabaka lazima lifungane na lililo chini yake, na sehemu ya juu ya ghala haipaswi kujazwa. Nitalitumia ghala hilo kuonyesha hesabu nzima, hatua kwa hatua. Nazungumzia marobota madogo ya mraba yenye kamba mbili, yale yanayobebwa kwa mikono. Yale makubwa yanayoinuliwa kwa mashine yana hesabu yake na hatari zake.

Pima mstari wa marobota

Vitabu vya mashine za kufungia hutaja kipimo cha chumba cha mashine, kwa kawaida sentimita 36 kwa 46, na urefu wa robota hurekebishwa na mwenye mashine, mara nyingi kati ya sentimita 80 na 100. Lakini robota likishatoka kwenye mashine hutanuka kidogo, na ncha zake hazikai sawasawa. Ukitumia kipimo cha kitabu, kosa la sentimita 2 linajirudia kwenye kila robota, na kufika ukutani unakuta robota la mwisho halina pa kukaa.

Dawa yake ni rahisi. Chukua marobota 10 bila kuyachagua, yapange ncha kwa ncha kwenye sakafu tambarare, uyasukume kwa goti jinsi utakavyoyasukuma ghalani, kisha pima mstari mzima na ugawanye kwa 10. Huo ndio urefu wako. Rudia ukiwa umeyapanga ubavu kwa ubavu, upate upana. Kwa unene, pandanisha matano tu, pima kimo na ugawanye kwa 5. Kipimo cha namna hii tayari kina ndani yake vile vinafasi vidogo vinavyobaki kati ya robota na robota.

Katika mfano wetu vipimo vimetoka hivi: urefu sentimita 93, upana sentimita 47, unene sentimita 37. Kamba zimepita juu na chini, kwenye zile nyuso mbili pana. Jambo hilo la kamba likumbuke, kwa sababu ndilo linalotofautisha mikao miwili ya robota. Likilala bapa, kamba ziko juu na chini, linachukua sakafu ya sentimita 93 kwa 47 na kimo chake ni 37. Likisimama kwa ubavu, kamba ziko pembeni, linachukua sakafu ya 93 kwa 37 tu, na kimo chake ni 47.

Ondoa kwanza nafasi isiyo yako

Kabla ya kuhesabu robota hata moja, ondoa sehemu za ghala ambazo hazitawekwa kitu.

Pembeni, acha sentimita 30 kati ya rundo na ukuta, pande tatu. Upo ushawishi mkubwa wa kuegemeza marobota ukutani ili yashikiliwe, na hilo ni kosa. Kuta nyingi za mabati au mbao hazikujengwa kusukumwa kutoka ndani, na rundo linalotulia husukuma kwa nguvu ya kushangaza. Isitoshe, ukuta hupitisha unyevu, na robota lililobanana nao linaota ukungu upande usioonekana. Katika sentimita 30 mtu mwembamba anaweza kujipenyeza kwa ubavu na tochi, akaona njia za panya na mahali bati linapovuja.

Mbele, upande wa mlango, acha mita 1.6. Hapo ndipo watu watageukia na mzigo, na ndipo utakapotembea miezi yote ya kutoa nyasi.

Chini, weka chaga za mbao. Robota likikaa juu ya udongo au hata saruji huvuta unyevu, na tabaka la chini lote linaoza. Chaga za mfano wetu zina kimo cha sentimita 12.

Basi ghala la mita 9 kwa 6, mlango ukiwa kwenye ukuta mfupi, linabaki na eneo la urefu wa mita 7.10 (9 kutoa 1.6, kutoa 0.3) na upana wa mita 5.40 (6 kutoa 0.3 mara mbili).

Nafasi ya juu: pima hadi kenchi, usipime hadi kilele

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Urefu wa ghala wa kuhesabia si ule unaofika kwenye kilele cha paa. Ni ule wa kutoka sakafuni hadi kwenye kitu cha kwanza kinachozuia: boriti ya chini ya kenchi, bomba, au taa inayoning'inia. Katika mfano wetu boriti ya chini ya kenchi iko mita 4.0 kutoka sakafuni. Uwazi ulio juu ya boriti hiyo, kati ya kenchi na kenchi, huonekana kama chumba cha bure. Usiupange marobota. Mbao za kenchi zimepimwa kubeba paa, hazikupimwa kubanwa na marobota kutoka pembeni. Na marobota yaliyoingizwa pale hayafungani na kitu chochote, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuanguka.

Chini ya boriti hiyo bado unaacha pengo. Mimi sishuki chini ya sentimita 60, kwa sababu ambazo kila moja ingetosha peke yake. Hei mpya hutoa mvuke kwa wiki kadhaa. Mvuke unapanda, usiku unakutana na bati lililopoa, unageuka matone, na matone yanarudi juu ya tabaka la juu. Palipo na pengo na matundu ya hewa kwenye upenu, upepo unauondoa mvuke kabla haujatona. Pasipo na pengo, utaona mabaka ya kijivu kwenye marobota ya juu, yamejipanga kwa mistari kufuata mawimbi ya bati au misumari yake. Pili, mtu anahitaji mahali pa kuinama na kusukuma robota la mwisho mahali pake. Akilazimika kulala kifudifudi, ataliacha likining'inia ukingoni. Tatu, lazima uweze kufika juu ya rundo na kipimajoto. Na kama kuna taa za umeme, taa yenye joto na nyasi kavu haviwekwi karibu. Ama taa iwe na kifuniko kisichopitisha vumbi na iwe mbali na rundo, ama iondolewe kabisa.

Sasa hesabu ya kimo. Mita 4.00, toa 0.60 ya pengo, toa 0.12 ya chaga, zinabaki mita 3.28 za marobota.

Tabaka la kwanza tunalisimamisha kwa ubavu, kwa sababu nitakazozieleza hivi punde, nalo linakula mita 0.47. Zinabaki 2.81. Matabaka yanayofuata yanalala bapa, kila moja sentimita 37. Gawanya 2.81 kwa 0.37, unapata 7.59. Hiyo 0.59 huitumii, kwa kuwa hakuna nusu robota. Ni matabaka 7, yenye kimo cha mita 2.59. Juu ya rundo utabaki na pengo la sentimita 82.

Angalia jinsi dari linavyoamua kwa kurukaruka. Kama boriti ingekuwa mita 4.15, tabaka la nane lingeingia na pengo lingebaki sentimita 60 kamili: sentimita 15 za ziada zinaleta tabaka zima. Lakini kutoka mita 4.00 hadi 4.14 hupati robota hata moja. Anayejenga ghala jipya afanye hesabu hii kabla ya kukata nguzo.

Kama ghala lako halina boriti ya chini na paa linashuka kwa mteremko, pima kimo pale ukingo wa rundo utakapofika karibu na upenu, si katikati. Katikati unaweza kuongeza matabaka membamba yanayofuata mteremko, na kila moja ulihesabu peke yake kwa upana wake, ukiacha zile sentimita 60 kati ya pembe ya robota la nje na bati.

Tabaka la kwanza kwa ubavu

Tabaka la chini hubeba yote yaliyo juu, na ndilo lililo karibu na unyevu wa sakafu. Ukililaza bapa, kamba zake za chini zinakaa juu ya chaga, zinaloa, na kama ni za katani zinaoza. Siku ya kutoa rundo, robota la chini linabaki mikononi kama lundo la nyasi zisizo na kamba. Likisimama kwa ubavu, kamba ziko pembeni, na mashina mengi yanaelekea juu na chini, kwa hiyo hewa inapanda kupitia ndani ya robota.

Panga marobota haya yakielekea urefu wa ghala. Kwenye upana wa mita 5.40 yanaingia 14, kwa kuwa 14 mara 0.37 ni 5.18. Kwenye urefu wa mita 7.10 zinaingia safu 7, yaani 6.51. Hayo ni marobota 98. Zinabaki sentimita 59 mbele. Hapo weka safu moja ya marobota 5 yaliyogeuzwa kukingama, nayo pia kwa ubavu. Jumla ya tabaka la kwanza ni 103.

Matabaka ya bapa na siri ya kufungana

Kila mtu anajua kwamba tabaka moja lielekee huku na linalofuata ligeuke. Kisichojulikana sana ni kwamba kugeuza peke yake hakutoshi. Sababu iko kwenye vipimo vyenyewe. Upana wa marobota mawili, sentimita 94, karibu unalingana na urefu wa robota moja, 93. Ndiyo maana robota hili hufungana kirahisi, lakini ndiyo maana pia mwanya wa tabaka la juu huangukia juu ya mwanya wa tabaka la chini. Ukipanga tabaka la marobota yanayoelekea urefu wa ghala, kuna mwanya kila sentimita 47 za upana. Tabaka la pili lililogeuzwa lina mwanya kila sentimita 93, na kila mmoja unaangukia mwanya ulio chini. Rudia hivyo mara saba, na rundo lako si rundo moja tena, ni minara mingi iliyosimama bega kwa bega. Fundi wa tofali hajengi ukuta wa namna hiyo, na marobota yanadai adabu ileile.

Tunatoka hapo kwa kutumia safu ya ziada. Yapo matabaka ya aina mbili.

Tabaka la kwanza la bapa, tuliite A, linaelekea urefu wa ghala. Kwenye upana yanaingia marobota 11, maana 11 mara 0.47 ni 5.17. Kwenye urefu zinaingia safu 7, mita 6.51. Hayo ni 77. Zinabaki sentimita 59, zinazotosha safu moja ya marobota yaliyokingama, na kwenye safu hiyo yanaingia 5. Jumla ni 82. Yale matano yatachukua mita 4.65 za upana. Usiyabane upande mmoja na kuacha shimo kwenye pembe, yatawanye yaachane kama sentimita 13, na vinafasi hivyo vitapitisha hewa.

Tabaka la pili, B, limegeuka. Kwenye upana wa ghala yanaingia marobota 5 ya kukingama, mita 4.65, na ubavuni inabaki nafasi ya safu moja inayoelekea urefu. Kwenye urefu zinaingia safu 15 za kukingama, kwa kuwa 15 mara 0.47 ni 7.05. Hayo ni 75, na ile safu ya ubavuni inachukua 7. Jumla, tena, 82.

Sasa sehemu muhimu: safu ya ziada ihamishwe. Kwenye tabaka A la kwanza, ile safu ya marobota 5 iwe mbele. Kwenye A linalofuata iwe nyuma. Kwenye B la kwanza, ile safu ya 7 iwe kushoto. Kwenye B linalofuata iwe kulia. Kwa hiyo mzunguko ni wa matabaka manne: A mbele, B kushoto, A nyuma, B kulia, kisha unaanza upya. Kuhamisha huko kunasogeza mianya kwa nusu robota, na hakuna mwanya unaopata njia ya moja kwa moja kutoka chini hadi juu. Chora matabaka hayo manne kwa chaki ukutani kabla ya kuanza, maana wapangaji wakichoka husahau zamu ya safu.

Ukiwa umesimama mbele ya rundo unaweza kujikagua mwenyewe. Tafuta mstari wa wima wa mianya. Ukipita matabaka mawili, sawa. Ukipita matabaka manne bila kukatizwa, kuna aliyeruka zamu, na ni nafuu kurudisha matabaka mawili leo kuliko kuokota rundo zima baadaye.

Uso wa mbele unarudi nyuma

Rundo letu lina kimo cha mita 3.06 bila chaga. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kimo kisizidi mara moja na nusu ya upana mfupi wa chini. Upana mfupi hapa ni mita 5.17, kwa hiyo hatuko karibu na mpaka. Kwa ghala jembamba, au ukigawanya rundo kuwa mawili yenye njia katikati, kanuni hii ndiyo itakayokuzuia mapema kuliko dari.

Hata hivyo uso wa mbele, unaotazama mlango, ni ukuta wa mita tatu usioshikiliwa na kitu, na ndiko watu wanakopita. Matabaka mawili ya juu yarudishe nyuma kwa urefu wa robota moja. Kwa kila tabaka unapoteza marobota 11, jumla 22, na unapata ngazi ambayo mtu anaweza kusimama juu yake anapotoa.

Jumla ya kweli

Tabaka la ubavu 103, matabaka saba ya bapa mara 82 ni 574, jumla 677. Toa 22 za ngazi ya mbele, zinabaki 655. Kisha toa asilimia 5 kwa ajili ya nguzo za ndani, marobota yaliyopinda na yale marefu kupita wenzake. Inabaki 622. Panga kupokea 620.

Ukiwa na hesabu hii mkononi unaweza kuona ni wapi pa kuongeza bila kuvunja usalama. Lile pengo la sentimita 82 lina 22 zaidi ya tulizohitaji. Ukisimamisha tabaka la pili nalo kwa ubavu, likiwa limekingama juu ya la kwanza, kimo kinaongezeka sentimita 10 na marobota kama 20 zaidi yanaingia, kwa kuwa robota la ubavu hula sakafu ndogo. Nisingeenda zaidi ya hapo. Robota la ubavu lina kitako chembamba, na likiwa juu ya rundo huyumba.

Kama sakafu yako ni ya juu, yaani dari la mbao juu ya banda la mifugo, simama kwanza. Rundo hili, robota likiwa na kilo 20, linaweka karibu kilo 380 kwenye kila mita ya mraba. Sakafu nyingi za mbao hazikujengwa kubeba hivyo. Mwenye kuijenga aseme inabeba nini, na hesabu yako ianzie kwenye uzito badala ya kimo.

Mabua ya ngano au mpunga yanafuata mpangilio huohuo, lakini robota lake ni jepesi, mara nyingi kilo 10 hadi 14, na mabua yanateleza. Uzito ndio unaobana tabaka juu ya tabaka. Pasipo uzito, msuguano ni mdogo. Punguza tabaka moja au mawili, na uzidishe ngazi ya mbele.

Unyevu unaamua kama rundo lipangwe hivi

Hesabu yote hiyo ni ya hei iliyokauka. Kwa marobota madogo, unyevu uwe chini ya asilimia 18. Ukipita asilimia 20, vijidudu na ukungu vinaanza kuichachua na kutoa joto. Robota moja bichi likiwa peke yake hupoteza joto lake hewani. Likiwa katikati ya rundo la mita saba kwa tano, joto halina pa kutokea, na linaweza kufikia kiwango cha kuwaka lenyewe bila cheche ya nje.

Kwa hiyo shika kila robota linapopita. Lililo zito kuliko wenzake, au lenye ubaridi wa unyevu ukiingiza vidole katikati, liweke kando, kwenye tabaka moja lisilofunikwa, likae wiki kadhaa. Mzigo wenye mashaka kidogo, ambao hauna pengine pa kwenda, uweke juu au kwenye uso wa mbele unapoweza kuufikia, kamwe si katikati.

Wiki sita za kwanza pima joto. Chukua bomba la chuma lililochongwa ncha, lenye urefu wa mita mbili hadi tatu, liingize ndani ya rundo kutoka juu, ushushe kipimajoto kwa kamba na usubiri dakika 15. Chini ya nyuzi 50 za selsiasi hakuna la kuhofia sana; rudia kila siku. Ukifika 55, pima asubuhi na jioni. Ukifika 65, hatari imeingia. Kuanzia 70, waite zimamoto kabla ya kugusa robota lolote, kwa sababu kufungua rundo lenye moto ndani ni kuupa hewa uliyokuwa unaikosa. Usimruhusu mtu kutembea juu ya rundo lenye joto: chini yake panaweza kuwa pameungua na kuwa shimo. Dalili huja hata kabla ya kipimo. Harufu tamu ya tumbaku au sukari iliyoungua, matone kwenye bati asubuhi juu ya sehemu moja tu, au bonde linalojitokeza juu ya rundo ambako matabaka mengine yako sawa.

Rundo likishatulia

Katika wiki za mwanzo rundo hushuka, na pengo la juu huongezeka. Hiyo si nafasi mpya ya kujaza. Tabaka utakaloongeza juu ya rundo lililotulia halitafungana vizuri, na mvuke bado unatoka.

Ning'iniza timazi kwenye uso wa mbele siku ya kumaliza na uweke alama. Baada ya wiki mbili angalia tena. Rundo likiegemea nyuma kidogo, ni vizuri. Likiegemea mbele kwa zaidi ya sentimita chache, au ukiona mwanya wa wima unaopanuka juu kuliko chini, funga njia ya mbele, na anza kulitoa kutoka juu, upande ule unaoegemea.

Kutoa kuna utaratibu wake uleule hata pasipo hatari: tabaka la juu kwanza, ukirudi nyuma safu moja moja, kila tabaka likiacha ngazi ya robota moja chini yake. Robota la katikati lililochomolewa kwa ndoano kwa sababu liko karibu na mkono ndilo linalowaangushia watu marobota ya kilo 20 kichwani. Na kama una mzigo wa msimu uliopita, usiupange nyuma ya huu mpya. Uache karibu na mlango, utoke kwanza, na eneo lake la sakafu ulitoe kwenye zile mita 7.10 kabla hujapiga hesabu.